Selimundu na Malaria: Kwa Nini Jeni Hatari Haikupotea

Swali la selimundu huletwa kwenye mtihani wa Baiolojia kwa sura nyingi. Mara utaulizwa chini ya urithi, mara chini ya mutesheni, mara chini ya uteuzi asilia. Watahiniwa wengi hufika wakiwa na sentensi moja waliyoikariri: "Wenye selimundu hawaugui malaria." Sentensi hiyo itakukosesha alama, na nje ya chumba cha mtihani inaweza kumgharimu mtu uhai, kwa sababu mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu akipata malaria yuko katika hatari kubwa ya kufa. Anayekingwa ni mtu mwingine kabisa, yaani mbebaji. Ili utofautishe hao wawili bila kukariri, fuata mambo tangu mwanzo wake, ndani ya molekuli ya himoglobini.

Herufi moja iliyobadilika

Himoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na ndiyo inayobeba oksijeni. Molekuli yake moja ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta umeundwa kwa asidi amino 146 zilizopangwa kwa mfuatano maalumu, na mfuatano huo umeandikwa katika jeni kwa herufi za DNA, herufi tatu tatu kwa kila asidi amino.

Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, jeni ya kawaida imeandikwa GAG, na hiyo huleta asidi glutamiki. Katika jeni ya selimundu herufi ya katikati imebadilika, A ikawa T, kwa hiyo panasomeka GTG. Hiyo huleta valini. Asidi amino nyingine 145 zimebaki vilevile. Himoglobini ya kawaida huitwa HbA, na hii iliyobadilika huitwa HbS.

Asidi glutamiki ina chaji hasi na hukaa vizuri ndani ya maji. Valini haina chaji, tena hukimbia maji kama tone la mafuta ya alizeti linavyojitenga juu ya mchuzi. Nafasi ya sita iko upande wa nje wa molekuli, mbali na mahali oksijeni inaposhikwa. Hivyo usiandike kwamba "HbS haiwezi kubeba oksijeni". Inaibeba. Taabu huanza baada ya kuitoa.

Himoglobini inaposhikamana

Himoglobini inapoachia oksijeni kwenye tishu, molekuli nzima hujigeuza umbo kidogo. Hilo hutokea kwa watu wote. Ila katika umbo hilo jipya hujitokeza kijishimo kwenye mnyororo wa beta, nacho pia hukimbia maji. Valini ya molekuli jirani huingia humo kama ulimi wa kufuli unavyoingia mahali pake. Molekuli ya pili hushika ya tatu, ya tatu hushika ya nne, na hatimaye hupatikana nyuzi ndefu. Nyuzi 14 husokotwa pamoja kuwa kamba moja ngumu, mfano wa kamba ya katani. Himoglobini yenye asidi glutamiki katika nafasi ya sita haina cha kuingiza kwenye kijishimo hicho, kwa hiyo haianzishi mnyororo wa namna hiyo.

Sasa fikiria chembe nyekundu ya damu. Kwa kawaida ni kisahani kilichobonyea pande zote mbili, laini kiasi kwamba hujikunja na kupenya kwenye kapilari nyembamba kuliko yenyewe. Kamba za HbS zikikua ndani yake huusukuma utando kwa ndani, na chembe hurefuka na kupinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Jina selimundu limetoka hapo: seli yenye umbo la mundu. Chembe ya namna hii haijikunji tena. Hukwama kwenye kapilari, zinazofuata nyuma hukwama juu yake, na tishu iliyo mbele hukosa oksijeni. Maumivu makali ya mifupa anayoyapata mgonjwa hutoka hapo.

Chembe ikirudi kwenye mapafu na kupata oksijeni, kamba huyeyuka na chembe hurudia umbo lake. Lakini kila mzunguko huuchosha utando kidogo, hadi chembe nyingine hubaki zimepinda moja kwa moja. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa selimundu huishi takriban siku 10 hadi 20. Uboho hauwezi kutengeneza chembe mpya kwa kasi ya kufidia zinazokufa, na ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Jambo moja vitabu vingi hulipita haraka, nalo ndilo ufunguo wa yote yanayofuata: kushikamana kwa HbS hakuanzi papo hapo. Oksijeni ikiondoka, kuna muda wa kusubiri kabla kamba ya kwanza haijaundwa; ikishaundwa, nyingine hufuata kwa kasi. Chembe hupita kwenye kapilari kwa muda wa kama sekunde moja tu. Muda wa kusubiri ukiwa mrefu kuliko muda wa kupita, chembe huwahi kutoka na kufika mapafuni ikiwa salama. Kwa hiyo hatari huja kwa njia mbili: ama kitu kimefupisha muda wa kusubiri, ama kitu kimeichelewesha chembe njiani.

Muda wa kusubiri hutegemea sana ukolezi wa HbS. Ukolezi ukiongezeka kidogo tu, muda hupungua mara nyingi. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa anywe maji ya kutosha, kwani chembe iliyopoteza maji hubaki na himoglobini iliyokolea. Baridi, kwa upande wake, hubana mishipa midogo ya damu, na chembe hukawia humo. Ukikaa Ipogolo, pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapopita chini ya mji wa Iringa karibu na Mto Ruaha Mdogo, unajua asubuhi za Juni na Julai zilivyo. Mwenzako mwenye selimundu akivaa sweta mbili na kukataa kuoga maji ya baridi bwenini, hajidekezi.

Mbebaji ana nini mwilini?

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya beta, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye AA hana HbS. Mwenye SS ana ugonjwa wa selimundu. Mwenye AS ndiye mbebaji: ana nakala moja ya kila aina, na zote mbili hufanya kazi, kwa hiyo ndani ya kila chembe yake zimo HbA na HbS zikiwa zimechanganyika. Kwa kawaida HbS huwa chini ya nusu, kama asilimia 35 hadi 40.

HbA huizimua HbS, na muda wa kusubiri hurefuka mno. Chembe ya mbebaji hupita kwenye kapilari na kurudi mapafuni kabla kamba haijaundwa. Anacheza mpira, analima, anazaa, na huenda asijue maisha yake yote kwamba ni mbebaji.

Maabara itajuaje? Kipimo cha zamani ni kuchanganya tone la damu na sodiamu metabisalfaiti juu ya kioo cha hadubini, kisha kulifunika. Kemikali hiyo huondoa oksijeni, na baada ya muda chembe zenye HbS hupinda. Zingatia udhaifu wake: zitapinda za mbebaji na za mgonjwa pia, kwa sababu hapo chembe zimeachwa bila oksijeni kwa muda mrefu kuliko zinavyokaa ndani ya kapilari. Kipimo hiki hukuambia kwamba HbS ipo. Hakikuambii kama mtu ni AS au SS.

Kinachowatofautisha ni elektroforesisi. Himoglobini huwekwa kwenye jeli au karatasi maalumu yenye kimiminika cha alkali, kisha umeme hupitishwa. Zote huvutwa kuelekea ncha chanya, lakini HbS imepoteza chaji hasi ya asidi glutamiki, hivyo huenda polepole na kubaki nyuma. Mtu wa AA huonyesha mstari wa A, wa SS huonyesha mstari wa S bila ule wa A, na mbebaji huonyesha yote miwili. Linus Pauling na wenzake walitumia njia hii mwaka 1949 kuonyesha kwamba ugonjwa huu unatokana na molekuli yenye hitilafu, hata kabla haijajulikana ni asidi amino gani iliyobadilika.

Kimelea ndani ya chembe ya mbebaji

Kimelea cha malaria kali, plasmodiamu falsiparamu, huingia ndani ya chembe nyekundu na kukaa humo saa 48 hivi kikila himoglobini na kuongezeka. Mwishoni chembe hupasuka na vimelea vipya huingia kwenye chembe nyingine. Katika nusu ya pili ya muda huo, chembe iliyoambukizwa huotesha vinundu juu ya utando wake na kujinatisha kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Kimelea hunufaika, maana chembe iliyonata haipiti kwenye bandama, kiungo kinachochuja na kuharibu chembe mbovu.

Rudi sasa kwenye muda wa kusubiri. Chembe ya mbebaji ilikuwa salama kwa sababu ilipita haraka mahali penye oksijeni kidogo. Kimelea kimeisimamisha papo hapo, penye oksijeni kidogo, kwa saa nyingi. Zaidi ya hayo, ulaji wa kimelea huongeza asidi ndani ya chembe, na asidi huifanya himoglobini iachie oksijeni kwa urahisi zaidi. Mambo yote yaliyomlinda mbebaji yamegeuzwa, lakini yamegeuzwa ndani ya chembe zenye kimelea tu. Humo HbS hushikamana, na kimelea hukwama katikati ya kamba, kikashindwa kukua vizuri. Chembe iliyopinda ikipita kwenye bandama hukamatwa na kuharibiwa pamoja na kilichomo. Vilevile vinundu kwenye utando wa chembe ya mbebaji huota vibaya, hivyo kunata kwenyewe hupungua, na kunata huko ndiko kunakoziba mishipa ya ubongo katika malaria kali.

Kwa hiyo mbebaji huambukizwa kama wengine. Mbu humuuma, vimelea huingia, na anaweza kupata homa. Ila idadi ya vimelea haipandi sana, na mara chache hufikia degedege, kupoteza fahamu au upungufu mkubwa wa damu. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuwa AS kulipunguza malaria ya kawaida kwa takriban asilimia 50, lakini kulipunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Aliyekuwa wa kwanza kuonyesha jambo hili kwa ushahidi wa kuridhisha ni daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Alipima damu za watu wa makabila mengi ya Afrika Mashariki akakuta kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya watoto 290 wa eneo la Kampala. Kati ya wabebaji 43, wenye vimelea kwenye damu walikuwa 12, yaani asilimia 27.9. Kati ya wasio wabebaji 247, wenye vimelea walikuwa 113, yaani asilimia 45.7. Ukipewa takwimu hizi kwenye mtihani, usiishie kusema "wabebaji wana vimelea kidogo". Sema pia kwamba 12 walikuwa navyo, kwa hiyo kinga si kamili.

Na mgonjwa wa SS? Kimelea hupata shida ndani ya chembe zake pia, lakini hilo halimwokoi. Bandama yake mara nyingi huwa imeharibika tangu utotoni kwa kuzibwa na chembe zilizopinda. Tena damu yake tayari ni pungufu, na malaria huipunguza zaidi, na homa pamoja na kupoteza maji huongeza kushikamana kwa HbS. Kwa sababu hiyo wagonjwa wa selimundu wanaoishi penye malaria hupewa dawa za kuikinga.

Hesabu ya watoto 1,000

Hapa ndipo uteuzi asilia unapoingia. Tuchukue kijiji cha kufikirika huko nyuma, kabla ya dawa, katika bonde lenye joto na malaria nyingi. Tuseme kati ya aleli zote za jeni ya beta, moja katika kila kumi ni S, na watu wanaoana bila kujali nani ana nini. Watoto 1,000 wakizaliwa, watakuwa hivi: AA 810, AS 180, SS 10. Aleli za S ni 180 za wabebaji na 20 za wagonjwa, jumla 200 kati ya aleli 2,000.

Watoto wote 10 wa SS wakifa kabla ya kuzaa, aleli 20 za S zimepotea, yaani sehemu moja ya kumi ya S zote. Ingekuwa hivyo tu kila kizazi, S ingeendelea kupungua. Lakini malaria nayo inaua. Tuseme inaua mtoto mmoja katika kila tisa wa AA, yaani 90, na haiui hata mmoja wa AS. Wanaobaki ni AA 720 na AS 180, jumla watu 900 wenye aleli 1,800. Za S ni 180. Gawanya: bado ni moja katika kumi. Aleli ya S haikupungua wala kuongezeka, ingawa kila mwenye SS amekufa.

Chukua sasa watoto 1,000 walewale, uwaweke nyanda za juu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi za selsiasi, plasmodiamu falsiparamu hashindwi kuumwa na baridi kama sisi, ila ukuaji wake ndani ya mbu husimama, na malaria huwa haba. Watoto 10 wa SS wanakufa kama kule bondeni, lakini wa AA wanabaki wote 810. Walio hai ni 990, wenye aleli 1,980, na S ni 180. Hiyo ni asilimia 9.1. Imeshuka kutoka asilimia 10 kwa kizazi kimoja, na kizazi kijacho itashuka tena.

Tafadhali usiandike kwamba malaria ilisababisha mutesheni hii. Mutesheni hutokea kwa bahati, popote. Malaria ilichofanya ni kuihifadhi pale ilipokuwa na faida. Na ukiulizwa kwa nini S haikuenea hadi kuwa ya watu wote, jibu liko kwenye hesabu: S ikiongezeka mara mbili, kutoka moja katika kumi hadi mbili katika kumi, watoto wa SS huongezeka mara nne, kutoka 10 hadi 40 katika kila 1,000.

Swali la mazoezi

Neema (jina la kubuni) amezaliwa na kukulia Ipogolo. Baba yake ametoka Kyela, kwenye joto la kandokando ya Ziwa Nyasa, na mama yake ametoka Mwanza. Neema ana selimundu. Ndugu zake wawili ni wazima. (a) Eleza jeni za wazazi. (b) Jirani anasema ndugu wa nne atakuwa mzima "kwa sababu mgonjwa wa familia ameshapatikana". Je, ni kweli? (c) Jirani mwingine anasema Iringa ni nyanda za juu, kwa hiyo wakazi wake hawana haja ya kupima. Jadili. (d) Likizo Neema anakwenda Kyela kwa bibi yake. Anahitaji tahadhari gani?

(a) Neema ni SS, hivyo amepata S moja kwa kila mzazi. Wazazi hawaugui, kwa hiyo kila mmoja ni AS. Mchoro wa AS na AS hutoa AA moja, AS mbili na SS moja.

(b) Si kweli. Robo ile ni uwezekano wa kila mimba peke yake, na mimba haijui ndugu waliotangulia wana nini. Mtoto wa nne ana uwezekano uleule wa 1/4 kuwa SS. Kwa wazazi kama hawa, uwezekano kwamba watoto watatu wote wawe bila ugonjwa ni 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 27/64, kama asilimia 42. Ndiyo maana familia nyingi za wabebaji huishi miaka mingi bila kujua. Kuhusu ndugu wawili wazima wa Neema, kila mmoja ana uwezekano wa 2/3 kuwa mbebaji, si 1/2, kwa kuwa tumeshajua kwamba yeye si SS na katika mchoro zimebaki nafasi tatu.

(c) Mwinuko huathiri aleli kwa vizazi vingi, kupitia vifo vya wakazi wake. Haubadilishi jeni za mtu aliyehamia jana kwa basi. Ipogolo ni mahali pa barabara kuu. Wazazi wa wanafunzi wa darasa moja wanaweza kuwa wametoka Kyela, Mwanza, Kilombero na Tanga. Kupima kufuate mtu na ukoo wake, siyo kimo cha mlima anaoishi.

(d) Kyela ina malaria nyingi kuliko Iringa, na Neema hana kinga ya wabebaji. Tena amekulia penye malaria haba, hivyo mwili wake haujazoea kupambana na vimelea. Kabla ya safari apate ushauri wa kliniki kuhusu dawa ya kukinga malaria, alale ndani ya chandarua, anywe maji ya kutosha kwenye joto, na homa yoyote apimwe siku hiyohiyo. Kaka yake akiwa ni AS anaweza kuumwa na mbu yuleyule usiku uleule na akapona baada ya homa ndogo. Mtahini atakupa alama ukieleza kwamba yeye ana HbA ya kuizimua HbS katika chembe zisizo na kimelea, na Neema hana.